Azimio la kazi, mpango wa wiki na andalio la somo: kipindi kikipotea, urekebishe karatasi ipi?

Mwalimu wa Hisabati Darasa la Tano huko Rungwe anajua kwamba mwezi Machi kuna asubuhi ambazo darasa la watoto 52 litakuwa na watoto 19 tu saa mbili kasorobo. Mvua imeshika tangu alfajiri, vijito vimejaa, na wanaotoka mbali watafika saa tatu au hawatafika kabisa. Kipindi cha kwanza kimeondoka. Shuleni kwake kuna azimio la kazi la muhula, kuna karatasi ya wiki aliyoiandika Ijumaa iliyopita, na kuna andalio la somo la siku hiyo mkononi. Kipi kati ya hivi vitatu kinabadilika, na kipi kinabaki kama kilivyo?

Walimu wengi hujibu kwa kubadilisha vyote au kwa kutobadilisha chochote. Anayebadilisha vyote hujikuta ana azimio lililofutwafutwa hata mwezi haujaisha. Asiyebadilisha chochote hufika Mei azimio likisema darasa liko kwenye maumbo, huku madaftari ya wanafunzi yakionyesha bado wako kwenye sehemu. Kila karatasi ina aina yake ya tatizo, na ukijua mipaka yake utajua kalamu iguse wapi.

Tofauti zao kwa kuziweka pamoja

| | Azimio la kazi | Mpango wa wiki | Andalio la somo |
|---|---|---|---|
| Linajibu nini | Umahiri upi, kwa vipindi vingapi, wiki ipi | Kipindi kipi siku ipi, kwa mpangilio gani | Ndani ya dakika 40 mwalimu na mwanafunzi watafanya nini |
| Linatoka wapi | Muhtasari na kalenda ya shule | Mstari wa azimio na ratiba | Mstari mmoja wa mpango wa wiki |
| Linaandikwa lini | Kabla muhula haujaanza | Ijumaa au mwisho wa wiki | Kabla ya kipindi, baada ya kuona matokeo ya kipindi kilichopita |
| Linarekebishwa na nini | Deni la vipindi lisilolipika ndani ya wiki | Siku iliyopotea, au somo lililochukua muda zaidi | Kosa la wanafunzi, zana iliyokosekana |
| Kinachorudi nyuma | Safu ya Maoni | Deni la vipindi mwisho wa wiki | Tathmini ya kipindi, kwa idadi |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio unaosahaulika zaidi. Kila mtu anajua kwamba azimio huzaa wiki na wiki huzaa andalio. Lakini habari lazima irudi pia: tathmini ya andalio ipande kwenye wiki, na deni la wiki lipande kwenye Maoni ya azimio. Njia ya kurudi ikikatika, unabaki na karatasi tatu zinazosema mambo matatu.

Shajara ya somo, ambayo wengi huiita logibuku, haimo kwenye jedwali kwa sababu yenyewe haipangi kitu. Huandika kilichokwisha kufanyika: mada imeanza tarehe fulani, imekwisha tarehe fulani. Ni kipimo cha ukweli wa hizo tatu.

Azimio: hesabu ya vipindi kabla ya kitu kingine

Azimio lina safu nyingi: umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli, mwezi, wiki, idadi ya vipindi, mbinu, zana, upimaji, rejea, maoni. Safu inayobeba nyingine zote ni ile ya idadi ya vipindi. Ikikosewa, kila wiki itakayofuata itaanza na deni.

Tuchukue mfano wa shule yenye vipindi 5 vya Hisabati kwa wiki: Jumatatu 1, Jumanne 2 vilivyofuatana, Jumatano 1, Ijumaa 1. Alhamisi hakuna. Muhula wa kwanza unaanza katikati ya Januari hadi mwanzoni mwa Juni, takriban wiki 21. Toa wiki 1 ya likizo fupi, wiki 1 ya mtihani wa nusu muhula, na wiki 2 za marudio na mtihani wa mwisho. Zinabaki wiki 17, yaani vipindi 85.

Sasa ziangalie sikukuu, na hapa usihesabu siku bali vipindi. Sikukuu inayoangukia Alhamisi haichukui kipindi hata kimoja cha mwalimu huyu. Inayoangukia Jumanne inachukua viwili. Chukua kalenda ya mwaka husika, weka kidole kwenye kila sikukuu (Karume tarehe 7 Aprili, Muungano tarehe 26 Aprili, Mei Mosi, Pasaka na Idi), kisha uiangalie ratiba yako. Zile zinazoangukia ndani ya likizo fupi ziache. Tuseme umepoteza vipindi 4. Vimebaki 81.

Kati ya hivyo 81, usigawe vyote kwenye mada. Weka 6 kando kama akiba na ugawe 75. Mwalimu anayegawa vyote 81 anaonekana mwangalifu kuliko mwenzake, lakini hana mahali pa kulipia asubuhi moja ya mvua.

Akiba ikae wapi? Wengi huitupa yote mwisho wa muhula, nayo humezwa na maandalizi ya mtihani. Iweke mara baada ya mada ngumu na katika miezi ambayo shule yako inapoteza siku. Shule ya Rungwe iweke vipindi 4 kati ya hivyo 6 katika Machi na Aprili. Shule ya Isimani, upande mkavu wa Iringa, haisumbuliwi na mvua kiasi hicho, kwa hiyo akiba yake ifuate ugumu wa mada na ratiba ya michezo. Ndiyo maana azimio la kunakili kutoka shule nyingine, au lile linalouzwa tayari kwenye stesheneri, halifai hata kama mada zake zimepangwa vizuri. Muhtasari ni mmoja kwa Tanzania Bara nzima, lakini ratiba, sikukuu zilizoangukia vipindi vyako, na barabara ya watoto wako si vya mtu mwingine.

Mpango wa wiki: karatasi isiyodaiwa sana lakini inayofanya kazi kubwa

Katika shule nyingi mwalimu wa taaluma hukagua azimio na andalio, na mpango wa wiki haudaiwi na mtu. Matokeo yake mwalimu huruka kutoka mstari wa azimio moja kwa moja hadi andalio. Mstari wa azimio unasema, kwa mfano, «kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, wiki ya 10, vipindi 5». Hausemi Jumatatu ni nini na Ijumaa ni nini. Asipoamua mapema, mwalimu huanza Jumatatu na kitu chochote kilicho mbele ya kitabu, kisha Ijumaa anagundua kwamba mafumbo hayajaguswa.

Katika mfano wetu, sehemu zimepewa vipindi 15 katika wiki za 9, 10 na 11. Wiki ya 9 ni sehemu zenye thamani sawa, pamoja na kigawe kidogo cha shirika, yaani KDS. Wiki ya 10 ni kujumlisha. Wiki ya 11 ni kutoa, na mafumbo ya kutoa. Kisha vipindi 2 vya akiba vinawekwa mwanzoni mwa wiki ya 12: kile cha Jumatatu na cha kwanza cha Jumanne. Mpango wa wiki ya 10 unatoka hivi:

Jumatatu: asili moja ikiwa kigawe cha nyingine, mfano 1/2 + 1/4.
Jumanne, vipindi viwili: asili zisizo kigawe cha nyingine, kwa kutumia KDS, mfano 1/2 + 1/3 na 2/3 + 1/4.
Jumatano: sehemu mchanganyiko, mfano 1 1/2 + 2 1/3.
Ijumaa: mafumbo, na jaribio la maswali 5.

Mpangilio huu una sababu. Kipindi cha watoto kuona hatua mpya ngumu kimewekwa pale ratiba ilipotoa dakika 80 mfululizo. Ukiweka hatua hiyo Jumatatu kwa dakika 40, kengele inalia wakati nusu ya darasa bado wanatafuta KDS, na kesho yake unaanza upya. Kazi kuu ya mpango wa wiki ni kuoanisha ugumu wa somo na umbo la ratiba, jambo ambalo azimio haliwezi kufanya kwa kuwa halioni siku, wala andalio kwa kuwa linaona siku moja tu.

Andalio: dogo kuliko mstari wa azimio

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kunakili mstari mzima wa azimio ndani ya andalio. Mwalimu anaandika «mwanafunzi aweze kujumlisha sehemu zenye asili tofauti» Jumatatu, anaandika hivyo tena Jumanne, na tena Jumatano. Kwa andalio kama hilo hakuna anayeweza kusema Jumatatu ilifaulu au ilishindwa.

Jaribio la kulipima ni rahisi: je, dakika 5 za mwisho zinatosha kuliona lengo hilo kwenye daftari la mtoto? «Abadili 1/2 na 1/3 ziwe na asili 6, kisha azijumlishe» linaonekana. Lile la azimio halionekani kwa dakika 5 wala 10. Kwa kipindi cha dakika 40, mgawanyo unaokwenda vizuri kwenye Hisabati ni dakika 5 za utangulizi, 20 za kujenga umahiri, 10 za zoezi la kuimarisha, na 5 za upimaji na tafakuri. Utangulizi unaozidi dakika 5 huwa unakula upimaji, na upimaji ukiliwa, tathmini itaandikwa kwa kubahatisha.

Tathmini yenyewe iandikwe kwa idadi na kwa aina ya kosa. «Somo limeeleweka» haimpi mwalimu chochote cha kufanya kesho. «48 walihudhuria, 31 walipata angalau maswali 2 kati ya 3, 17 walijumlisha asili kwa asili» inampa kazi ya kesho ikiwa imeshakamilika nusu.

Wiki ya 10 inavyovurugika, na kalamu inapopita

Turudi kwenye mvua. Jumatatu watoto 19 kati ya 52 wamefika. Kufundisha hatua mpya kwa 19 ni kujiandalia kazi ya kurudia kwa 33, kwa hiyo kipindi kinatumika kuimarisha KDS kwa waliopo. Andalio la Jumatatu halifutwi. Linaandikwa kwenye tathmini kwamba halikufundishwa na sababu yake, kisha linapewa tarehe mpya. Azimio haliguswi. Mpango wa wiki ndio unaobadilika: Jumanne, kipindi cha kwanza kinapokea kazi ya Jumatatu na cha pili kinaanza 1/2 + 1/3. Nusu ya pili ya kazi ya Jumanne inahamia Jumatano, na sehemu mchanganyiko zinahamia Ijumaa. Mafumbo hayana siku tena. Deni ni kipindi 1.

Jumanne darasa lina watoto 48. Mwisho wa kipindi cha pili, 17 wameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Hii ni hasara ya aina nyingine. Muda ulikuwepo na watoto walikuwepo, lakini wanaiona sehemu kama namba mbili zilizopandishana, kila moja ikijumlishwa kivyake. Kuongeza maswali ya zoezi la namna ileile hakuwasaidii, kwa sababu watayafanya yote kwa njia hiyo hiyo yenye kosa. Kinachobadilika hapa ni andalio la Jumatano, na linabadilika mbinu, si tarehe.

Mbinu inayofaa ni kuwafanya watoto waone kwamba jibu lao haliwezekani. Waulize: 2/5 ni kubwa kuliko 1/2 au ndogo? Kwa karatasi mbili za urefu sawa, moja ikunjwe katikati na nyingine igawanywe sehemu tano sawa, wanaona 2/5 ni fupi kuliko 1/2. Umeongeza kitu kwenye nusu, ukapata kidogo kuliko nusu uliyoanza nayo. Hapo ndipo karatasi ya tatu yenye sehemu 6 inapoingia: nusu ni sehemu 3, theluthi ni sehemu 2, jumla 5/6. Mikanda mitatu ya karatasi kwa kila watoto wawili inatosha, na karatasi za madaftari yaliyokwisha zinafaa kabisa.

Marudio hayo yamekula Jumatano yote. Zoezi la asili tofauti, kama 2/3 + 3/4 = 17/12 = 1 5/12, linakwenda Ijumaa pamoja na jaribio. Sasa mambo mawili yamebaki nje: sehemu mchanganyiko na mafumbo. Deni la wiki ni vipindi 2.

Ijumaa jioni, wakati wa kuandika mpango wa wiki ya 11, ndipo uamuzi wa kupandisha habari unapofanywa. Swali la kwanza ni kama kuna kinachoweza kuunganishwa bila mtoto kukosa kitu. Mafumbo ya kujumlisha yanaweza kuingia kwenye kipindi cha mafumbo ya kutoa, kwa sababu mtoto anafaidika akilazimika kuamua mwenyewe ajumlishe au atoe. Deni limeshuka hadi 1. Swali la pili ni kama kilichobaki kinaweza kusubiri. Sehemu mchanganyiko hazisubiri, kwani kutoa 3 1/4 − 1 1/2 kunahitaji mtoto awe amezizoea. Basi zinachukua Jumatatu ya wiki ya 11, kazi ya kutoa inasogea kwa kipindi kimoja, na kipindi cha mwisho cha kutoa kinaangukia Jumatatu ya wiki ya 12, ambayo ilikuwa akiba.

Ni hapo tu azimio linapoguswa, na linaguswa kwenye safu ya Maoni: «Wiki ya 10: vipindi 2 havikufanyika (mvua, marudio ya asili tofauti). Kimoja kimeunganishwa na mafumbo ya kutoa, kimoja kimetoka akiba. Akiba imebaki 5.» Mada inayofuata inaanza wiki ileile iliyopangwa. Shajara itaonyesha sehemu zimekwisha Jumatatu ya wiki ya 12, na mdhibiti ubora akiilinganisha na azimio, andalio na daftari la mtoto, vyote vinne vinasema jambo moja.

Wakati azimio lenyewe linapaswa kuandikwa upya

Kuna deni ambalo safu ya Maoni haiwezi kulibeba. Dalili yake ni akiba kwisha kabla ya nusu ya muhula, au deni kuendelea wiki 2 mfululizo bila kushuka. Hapo usiendelee kusogeza siku moja moja, kwa sababu kila wiki itaanza ikiwa imechelewa na mwalimu ataanza kukimbia. Chukua vipindi vilivyobaki hadi mtihani, vihesabu upya kwa ratiba, kisha upunguze kwa uamuzi. Punguza kwenye mada ambayo watoto wameigusa darasa la chini na inahitaji kukumbushwa tu. Usipunguze kwenye ile ambayo mada nyingine inaitegemea. KDS haipunguzwi, kwa kuwa ikilegea, kujumlisha na kutoa sehemu vyote vinalegea nayo. Mwoneshe mwalimu wa taaluma mabadiliko hayo kabla mtihani wa nusu muhula haujatungwa, la sivyo swali litatoka kwenye mada ambayo darasa halijafika.

Mpango wa wiki uuandike kwa namna gani?

Azimio na andalio huna uchaguzi navyo. Uchaguzi uko kwenye karatasi ya katikati, na kuna njia tatu zinazotumika.

Ya kwanza ni kutokuwa na karatasi ya pekee: unaandika siku kwa kalamu ya risasi pembeni mwa mstari wa azimio. Inamfaa mwenye somo moja na mkondo mmoja. Udhaifu wake ni kwamba nafasi ni ndogo, na wiki ikivurugika mara mbili mstari hausomeki tena.

Ya pili ni ukurasa mmoja kwa kila somo kila wiki. Ni safi, lakini mwalimu wa masomo matatu ataandika kurasa tatu kila Ijumaa, na kwa uzoefu wa shule nyingi kazi hiyo hufa kabla ya Machi.

Ya tatu ni ukurasa mmoja wa wiki kwa masomo yako yote, umechorwa kama ratiba: siku tano kwenda chini, vipindi kwenda pembeni, na ndani ya kila kisanduku maneno matatu au manne ya kazi. Pembeni acha safu nyembamba ya deni. Kwa mwalimu wa msingi mwenye masomo mengi hii ndiyo tunayoipendekeza. Inachukua dakika chache kuandika, na inaonyesha kitu ambacho nyingine hazionyeshi: Jumanne umepanga upimaji kwenye masomo matatu, na hutaweza kusahihisha madaftari zaidi ya 150 usiku mmoja.

Hali moja inabadilisha hesabu hii. Pale mikondo A na B inapofundishwa na walimu wawili na mtihani ni mmoja, ukurasa wa kila somo unahitajika hata kama ni mzigo, na uandikwe na wote wawili kwa pamoja. Mkondo A ukiwa na Hisabati kipindi cha kwanza na B kipindi cha tano, mvua ya asubuhi itaupiga A peke yake. Bila ukurasa wa pamoja, tofauti hiyo huonekana siku ya kusahihisha mtihani, na mkondo A huonekana dhaifu kumbe ulikosa vipindi. Walimu hao walinganishe safu za deni kila Ijumaa, na mkondo ulio mbele utumie kipindi cha akiba kuimarisha badala ya kuanza mada mpya, mpaka mwenzake afike.